Mac Inapouliza Kuhusu Folda Zako

Umepakua filamu. Ipo kwenye folda ya Downloads, na pembeni yake kuna faili dogo la maandishi ya tafsiri, lile ambalo jina lake huishia na `.srt`. Unaibofya filamu mara mbili, VLC inafunguka, na kabla hujakaa vizuri kidirisha kinachomoza katikati ya skrini: “VLC” would like to access files in your Downloads folder. Chini yake kuna vitufe viwili, Don’t Allow na Allow. Katika matoleo ya nyuma, cha pili kiliandikwa OK. Kwa maneno mengine, VLC inaomba kuyafikia mafaili yaliyomo kwenye Downloads, na Mac haitaki kuamua kwa niaba yako.

Wengi wetu hubofya kitufe chochote kilicho karibu ili kidirisha kituondokee. Lakini jaribu kubofya Don’t Allow, kisha tazama kinachotokea. Filamu inaanza kama kawaida, picha na sauti vyote vipo. Kinachokosekana ni tafsiri peke yake. Hapo ndipo mtu makini hujiuliza: ikiwa VLC imekatazwa Downloads, imeisomaje filamu iliyolala humo humo ndani?

Jibu ni kwamba macOS haiulizi tu faili liko wapi. Inauliza pia nani ameanza. Ulipoibofya filamu mara mbili, mkono wako mwenyewe ulikwisha kusema, na mfumo ulikichukua kitendo hicho kuwa ni ruhusa ya faili hilo moja. Ingekuwa hivyo hivyo kama ungeliburuta faili na kuliachia juu ya alama ya VLC, au kama ungelichagua kupitia menyu ya File na dirisha la Open. Faili la tafsiri, kwa upande mwingine, hukuligusa. VLC ndiyo iliyoamua yenyewe kuchungulia folda nzima ili ione kama kuna faili lenye jina linalofanana na la filamu. Ni wazo zuri, na linafanywa kwa faida yako, lakini hakuna aliyeituma. Kwa hiyo mfumo ukaisimamisha mlangoni na kuja kukuuliza.

Hata hilo dirisha la Open lina siri yake. Ukilitazama unadhani ni sehemu ya programu unayoitumia, kumbe linaendeshwa na mfumo wenyewe, kando kabisa na programu. Unapopandisha na kushusha orodha ya mafaili humo, programu haioni hata jina moja. Inasubiri tu, na ukishachagua inakabidhiwa kile ulichochagua. Ni utaratibu wa masjala: anayehitaji jalada husimama nje ya kaunta, karani huenda kwenye makabati na kumletea jalada moja aliloomba. Ombi la kwenye kile kidirisha ni tofauti. Hapo mtu wa nje anaomba aingie nyuma ya kaunta apekue mwenyewe.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Mac imejengwa juu ya misingi ya Yuniksi, na ulinzi wa mafaili katika Yuniksi ulibuniwa zama ambazo watu wengi walitumia kompyuta moja kubwa. Ulimzuia Juma asisome mafaili ya Asha. Haukuwahi kumzuia Asha asidhuriwe na programu aliyoiwasha Asha mwenyewe, maana kila programu ilifanya kazi kwa mamlaka kamili ya aliyeiwasha. Ukisakinisha mchezo wa karata uliookota mtandaoni, mchezo huo ungeweza kusoma barua, mikataba na picha zako zote bila kukuuliza neno. Mwaka 2018, toleo la macOS lililoitwa Mojave liliimarisha vizuizi kwenye majina ya anwani, kalenda, picha na barua pepe. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Oktoba 2019, likatoka toleo la Catalina, namba 10.15, na ndilo lililofikisha ulinzi huo kwenye Desktop, Documents na Downloads, pamoja na iCloud Drive, diski na flashi za kuchomeka, na folda zilizo kwenye seva za mtandao.

Kwa nini hizo tatu? Kwa sababu ndiko binadamu wanakoacha vitu. Fungua Downloads ya mtu yeyote anayetumia Mac kwa kazi na utakuta nakala ya kitambulisho aliyotumiwa kwa barua pepe miaka miwili iliyopita, taarifa ya benki, cheti cha mtoto, wasifu wa mtu aliyeomba kazi. Hakuna aliyekusudia kuifanya Downloads kuwa ghala la siri. Imekuwa hivyo kwa sababu kila kinachopakuliwa huangukia humo na hakuna anayerudi kufagia.

Ndiyo maana ni muhimu kujua uzito wa kubofya Allow. Ruhusa hiyo si ya faili lile la tafsiri tu lililosababisha swali. Ni ya folda nzima na folda zote ndogo zilizomo, na inahusu pia mafaili ambayo bado hayajafika, yatakayopakuliwa kesho na mwakani. Inahusu kusoma, kubadilisha na kufuta. Haina tarehe ya kuisha, na swali halirudi tena hata ukizima kompyuta na kuiwasha. Tena, baada ya ruhusa kutolewa mfumo haufuatilii programu inayafanyia nini hayo mafaili. Ikiwa programu ina uwezo wa kutuma vitu kwenye intaneti, kidirisha hiki hakisemi lolote kuhusu hilo.

Wakati mwingine chini ya swali huwa kuna sentensi ndogo inayoeleza sababu ya ombi, kwa mfano kwamba programu inahitaji folda hiyo ili ikuonyeshe hati zako za karibuni. Sentensi hiyo haikuandikwa na Apple. Imeandikwa na waliotengeneza programu, na mfumo unaionyesha kama walivyoiandika. Isome kama maelezo ya mwombaji.

Mimi huanza na Don’t Allow kwa programu yoyote ambayo kazi yake huanzia kwenye faili ninalolichagua mwenyewe: kichezeshi cha video, kihariri cha picha, kisomaji cha pdf, programu ya kugeuza faili kutoka aina moja kwenda nyingine. Mara nyingi hazipungukiwi na kitu, kwa sababu dirisha la Open linatosha. Zipo programu ambazo kazi yake yenyewe ni kuzungukia folda: ile ya kuhifadhi nakala za akiba, ile ya kulinganisha mafaili ya kompyuta mbili, kihariri cha msimbo kinachofungua mradi mzima. Hizo ukizinyima umezifunga miguu, na ni haki kuzipa folda zinazohusika. Ikiomba programu ambayo huoni kabisa uhusiano wa kazi yake na folda zako, kataa, kisha ujiulize ilifikaje kwenye kompyuta yako. Katika hali zote hizi, kukataa kunarekebishika kirahisi. Faili lililokwisha kunakiliwa na kupelekwa kwingine halirudishiki.

Lakini kukataa nako kuna adha yake, na hapa ndipo watu wanapopoteza saa nzima. Tuchukue mfano wa mhasibu wa chama cha kuweka na kukopa. Ana programu ya kuunganisha risiti za pdf, aliyoipakua kwenye tovuti ya watengenezaji wake, si kwenye duka la App Store. Ina sehemu inayotazama Downloads na kuorodhesha pdf zote mpya ili azipange kwa mwezi. Siku ya kwanza alipoifungua alikuwa kwenye simu na mwanachama, kidirisha kikatokea, akabofya Don’t Allow bila kusoma. Siku hiyo aliunganisha risiti mbili kwa kuziburuta, kazi ikaenda. Mwisho wa mwezi anafungua ile sehemu ya orodha, anakuta tupu. Hakuna onyo wala kosa lililoandikwa, ni ukurasa mweupe tu.

Atafanya nini? Kwanza ataenda kutazama Downloads kupitia Finder, na risiti zote zipo. Hiyo peke yake ni dalili kubwa: Finder inaona, programu haioni. Mafaili hayajapotea, ila programu imefungiwa. Watengenezaji wengi hawakujiandaa kwa hali ya kunyimwa, kwa hiyo programu ikikataliwa hudhani folda haina kitu, au huandika kwamba faili halipo, au hukaa kimya. Programu zilizoandikwa vizuri hukuambia waziwazi kwamba zimenyimwa na kukuelekeza pa kwenda.

Asipoijua dalili hiyo, mhasibu wetu atajaribu mambo ambayo yana mantiki lakini hayasaidii. Ataiwasha upya kompyuta. Ataifuta programu na kuisakinisha tena, na orodha itabaki tupu, kwa sababu jibu alilotoa halikuhifadhiwa ndani ya programu. Liko kwenye hifadhidata ya mfumo iitwayo `TCC.db`, chini ya jina la utambulisho la programu, na programu ikirudi na jina lile lile inakuta hukumu yake inaisubiri. Atabofya Get Info kwenye folda na kubadilisha sehemu ya Sharing & Permissions, nako hatapata kitu, maana hiyo ni milki ya zamani ya Yuniksi, ile ya Juma na Asha, na yeye tayari ndiye mwenye folda. Anaweza hata kuharibu mpangilio uliokuwa sawa.

Njia sahihi ni fupi. Abofye tufaha lililo juu kushoto, achague System Settings, kisha Privacy & Security, kisha Files & Folders. Katika matoleo ya kabla ya mwaka 2022 jina lilikuwa System Preferences na sehemu yenyewe Security & Privacy. Humo ataona orodha ya programu zilizowahi kuomba. Akiifungua ile ya risiti ataona mstari wa Downloads Folder ukiwa na swichi iliyozimwa. Aiwashe, aifunge programu kabisa kwa Command na Q, kisha aifungue tena. Kufunga huku si adabu tu: programu iliyokuwa tayari inafanya kazi inaweza kuendelea kana kwamba bado imekataliwa. Kubofya kile kitone chekundu kwenye kona ya dirisha hakutoshi, kwa kuwa kwenye Mac kitone hicho huondoa dirisha tu, na mara nyingi programu hubaki hai nyuma.

Kuna kitu kimoja katika ukurasa huo kinachowachanganya watu. Haina kitufe cha kuongeza programu. Programu huingia kwenye orodha baada ya kuomba, kwa hiyo ile isiyowahi kuomba huwezi kuitafuta humo na kuipa. Na zipo programu ambazo haziombi hata siku moja. Nyingi za App Store hufanya kazi ndani ya uzio mkali zaidi, ambamo hazigusi chochote nje ya eneo lao mpaka ulichague kwa mkono wako kwenye dirisha la Open. Microsoft Word na Excel nazo zimo ndani ya uzio wa namna hiyo. Ndiyo maana mara kwa mara huleta dirisha lao lenye maneno Grant File Access na kukutaka uchague faili au folda. Linafanana na swali la Mac lakini ni kitu kingine, na ukienda Files & Folders kutafuta jibu lake hutalipata. Dawa yake ni kulifuata lilivyo: chagua folda linayoitaja, mfumo utaikumbuka.

Programu isipoonekana kwenye orodha, ushauri unaosambaa kwa watu ni mmoja: nenda Full Disk Access, iongeze, washa. Na kweli kitu kitafunguka. Ukurasa huo uko hapo hapo ndani ya Privacy & Security, una kitufe cha kuongeza, na utadaiwa nywila ya msimamizi wa kompyuta. Hakuna programu inayoweza kukuletea kidirisha cha kuomba ruhusa hii. Inaweza tu kukuelekeza uende ukaiwashe mwenyewe, na Apple waliifanya hivyo kwa makusudi. Inatoa zaidi ya folda tatu: barua za Mail, ujumbe wa Messages, historia ya Safari, akiba za zamani, hata baadhi ya mipangilio ya usimamizi ya watumiaji wote wa kompyuta hiyo. Inafaa kwa programu ya kuhifadhi akiba ya diski nzima au ya kusaka virusi. Kuitoa ili orodha ya risiti ijae ni kupita kiasi, na inaniuma kuona kurasa za msaada za programu ndogo zikiiomba kwa sababu tu ni njia ya mkato kwa watengenezaji. Mhasibu wetu anahitaji swichi moja ya Downloads Folder, basi.

Wanaotumia Terminal, ile programu ya kuandika amri, wana hadithi ya pekee. Huko ndiko unakoweza kuona kukataliwa kwa macho. Ikiwa umeinyima Terminal folda ya Documents, kisha ukaandika amri hii ya kuorodhesha:

```
ls ~/Documents
```

utajibiwa kwa maneno `Operation not permitted`. Yashike maneno hayo. Milki ya zamani ya Yuniksi ikikuzuia, jibu la kawaida huwa `Permission denied`, na hilo msimamizi hulishinda kwa kuanza amri na `sudo`. Hili la kwanza `sudo` hailishindi hata kidogo. Ukiona `Operation not permitted` kwenye folda ambayo ni yako mwenyewe, usipoteze muda na milki za mafaili, nenda kwenye Files & Folders.

Jambo la kuangalia zaidi ni hili: amri unazozianzisha ndani ya Terminal hazihesabiwi kila moja kivyake. Mfumo huzihesabu kuwa ni Terminal iliyotenda. Ukiipa Terminal folda ya Documents, umekipa kila kijiprogramu utakachokiendesha humo kuanzia leo, kikiwemo kile ulichokinakili kwenye mtandao na kukibandika bila kukielewa. Hii si kasoro, kwani mfumo usingeweza kukuuliza kwa kila amri ndogo bila kukuchosha. Lakini ni sababu ya kutosha ya kutoipa Terminal Full Disk Access kwa mazoea, ingawa ndivyo wengi wanavyoshauriana.

Ulinzi huu una mipaka, na mwenye Mac anastahili kuijua.

Mpaka wa kwanza ni kwamba unalinda folda zile zilizotajwa, si nyumba yako nzima kwenye diski. Ukitengeneza folda yako uitwayo Kazi moja kwa moja ndani ya folda ya nyumbani, pembeni ya Documents, programu za kawaida zitaisoma bila swali lolote. Ndivyo ilivyo pia kwa `.ssh`, folda iliyofichwa ambamo watu wa kompyuta hutunza funguo zao za kuingilia kwenye seva. Nimewaona watu waliokerwa na maswali wakihamishia kazi zao kwenye folda kama hiyo, na maswali yakakoma kweli. Yamekoma kwa sababu mlinzi hayupo. Hati nyeti zina sababu nzuri ya kukaa Documents.

Wa pili ni Finder. Finder ndiyo unayoitumia kuzunguka mafaili yako, kwa hiyo inafika kila mahali. Programu inaweza kukuomba kitu kinachoonekana tofauti kabisa: kidirisha kinachosema kwamba inataka “access to control” Finder, yaani iamrishe Finder ifanye mambo kwa niaba yake. Ukikubali, programu iliyonyimwa Downloads inaweza kuituma Finder ikanakili faili kutoka humo na kulipeleka mahali pasipolindwa. Umefunga mlango wa mbele na kutoa ufunguo wa uani. Ruhusa hizi huorodheshwa mahali pengine, chini ya Automation, ndani ya Privacy & Security hiyo hiyo. Kidirisha cha namna hiyo kinahitaji kusomwa polepole kuliko kile cha folda.

Wa tatu unahusu faili ulilolifungua kwa mkono wako. Ile ruhusa ya faili moja nayo ina kumbukumbu: macOS huweza kuibandika kwenye faili lenyewe kama alama iliyofichwa, `com.apple.macl`, ili programu ile iweze kulifungua tena faili hilo baadaye. Alama hizi hazionekani popote kwenye orodha ya Files & Folders. Kwa hiyo ukizima swichi ya folda leo, unazuia programu isipekue folda. Usitegemee kwamba umeifuta pia ruhusa ya mafaili yale ambayo wewe mwenyewe ulikwisha kuikabidhi.

Na mwisho ni kwamba mlinzi mwenyewe ni programu, na programu huwa na nyufa. Watafiti wa usalama wa Microsoft waligundua ufa walioupa jina la powerdir, uliosajiliwa kama CVE-2021-30970. Kwa kuwa majibu yako ya namna hii yamo ndani ya `TCC.db`, na hifadhidata hiyo iko ndani ya folda yako ya nyumbani, walionyesha kwamba mshambuliaji angeweza kuubadilishia mfumo anwani ya folda ya nyumbani, ielekee kwenye folda bandia aliyoitayarisha yenye `TCC.db` yake. Mfumo ungesoma majibu ambayo hukuwahi kuyatoa, na kuyaheshimu. Apple waliuziba ufa huo Desemba 2021 katika toleo la 12.1. Kompyuta ambayo haipokei tena masasisho inaendelea kuonyesha vidirisha vile vile, lakini nyufa zinazogunduliwa leo hazizibwi kwake.

Ukitaka kukagua hali ya kompyuta yako, fungua Files & Folders na upitie jina moja moja. Usianze na zile unazozitilia shaka. Anza na zile ambazo hukumbuki mara ya mwisho kuzitumia, kwa sababu ruhusa haichakai hata programu ikikaa miaka bila kufunguliwa. Zima swichi zake. Siku ukiihitaji programu utaiwasha tena hapo hapo. Mstari ambao ndani yake umeandikwa Full Disk Access kwa rangi iliyofifia unamaanisha programu hiyo imepata ruhusa kubwa zaidi, na swichi za folda hazina maana kwake mpaka uiondoe kule.

Njia nyingine ni kulifuta jibu lenyewe ili programu ilazimike kuomba upya, na safari hii usome kidirisha kwa utulivu. Hilo hufanyika kwenye Terminal kwa kutaja aina ya ruhusa na jina la utambulisho la programu. Kwa VLC na Downloads ni hivi:

```
tccutil reset SystemPolicyDownloadsFolder org.videolan.vlc
```

Badala ya Downloads unaweza kuandika `SystemPolicyDesktopFolder` au `SystemPolicyDocumentsFolder`. Ukiliacha jina la programu usiliandike, utafuta majibu ya programu zote kwa folda hiyo. Hiyo inafaa kwa kompyuta uliyoirithi kwa mfanyakazi mwenzako pamoja na akaunti yake: kwa siku mbili tatu utaulizwa maswali mengi, na kila moja litakuonyesha ni programu gani zilikuwa zikiingia kwenye folda hizo. Kama kompyuta ni ya ofisi na swichi nyingine zimegandishwa haziguswi, ujue idara ya kompyuta ndiyo iliyozipanga kutoka mbali kwa wasifu maalumu, na mabadiliko yake huombwa kwao.